Picha 40 za Mahafali: Filta ya Simu au Mtambo Wako Mwenyewe?

Tuseme una studio ndogo ya picha mjini Bariadi. Shule imekuagiza picha za wahitimu 40, kila mmoja apate ya kawaida na nyingine "iliyochorwa", yaani sura yake ionekane kama imepakwa kwa brashi na rangi ya mafuta, isafishwe A4, iwekwe kwenye fremu. Mahafali ni wiki ijayo. Fedha za vitendea kazi ulizonazo hazifiki laki moja.

Njia zilizo mbele yako ni mbili. Unaweza kutumia apu ya simu yenye filta, ubonyeze na kungoja. Au ukajitengenezea mtambo wako wa hatua kadhaa unaotumia modeli ya difyusheni, ile aina ya programu inayochora picha upya, na ukauendesha kwenye kompyuta yako au ya kukodi mtandaoni.

Jibu langu ni hili. Kwa picha moja ya status au ya kumfurahisha mteja, filta ya bure inatosha na hakuna sababu ya kulipa hata shilingi. Kwa kazi ya darasa zima, ambapo picha lazima zifanane na lazima zichapwe kubwa, kodi kompyuta yenye kadi ya grafiki kwa saa. Kununua mashine, kwa studio ya ukubwa huu, bado. Na apu ya kulipia kila wiki ni ghali kuliko kukodi, ingawa inaonekana rahisi.

Hesabu zote hapa nimezifanya kwa dola 1 sawa na TSh 2,600 na bando la GB 1 kwa TSh 2,000. Bei zikisogea, badilisha namba. Mpangilio wa nafuu na ghali hautabadilika.

Jua kwanza unanunua filta ya aina gani

Neno filta linabeba vitu vitatu tofauti, na wauzaji wa apu wanafurahi ukivichanganya.

Cha kwanza ni filta ya rangi. Inapandisha wekundu, inapunguza mwanga, inageuza picha kuwa nyeusi na nyeupe. Sura haiguswi, kazi yote inafanyika ndani ya simu, na bando haliendi. Simu nyingi tayari zinayo kwenye kamera au galari. Usiilipie.

Cha pili ni filta ya kupachika mtindo. Asili yake ni utafiti wa mwaka 2015 wa Gatys, Ecker na Bethge wa Tübingen, Ujerumani, walioonyesha kuwa mtandao wa neva unaweza kuchukua mistari ya brashi ya mchoro mmoja na kuipaka juu ya picha nyingine. Mwaka uliofuata wazo hilo likawa apu za simu. Hapa umbo la mtu linabaki, lakini mistari inapita popote. Haijui jicho liko wapi na shavu liko wapi, kwa hiyo kwenye picha ya karibu unaona brashi imekatiza mboni.

Cha tatu ndicho kinachotangazwa sana sasa: unapakia picha, inakwenda seva ya mbali, inarudi ikiwa katuni au mchoro. Nyingi za hizi nyuma yake ni modeli ya difyusheni ileile ambayo ungeweza kuiendesha mwenyewe. Tofauti ni kwamba vitufe vyote vimefichwa na umeachiwa kimoja.

Namna ya kuzitofautisha ni rahisi. Zima data, kisha jaribu filta. Ikifanya kazi, iko ndani ya simu na haili bando wala haipeleki uso wa mteja kokote. Ikigoma, kila jaribio lako ni safari ya kwenda na kurudi kwa gharama yako.

Namba moja ndiyo unayoilipia

Modeli ya difyusheni hufanya kazi kwa chenga. Inaichukua picha yako, inaimwagia chengachenga kama za televisheni iliyokosa mawimbi, halafu inaziondoa hatua kwa hatua huku ikifuata maelezo uliyoandika. Chenga zikiwa kidogo, picha inayotoka inakaribia sana ya mwanzo. Zikiwa nyingi, modeli inabaki inakisia, na inachokisia ni uso wa mtu mwingine.

Kiasi hicho cha chenga kinapangwa kwa namba iitwayo `strength`, kuanzia 0 hadi 1. Kwenye apu ya kulipia mtu mwingine ameshakuchagulia, na mara nyingi ameiweka juu ili mabadiliko yashangaze. Kwenye mtambo wako unaichagua mwenyewe. Hii ndiyo sehemu inayofanya kazi, kwa wanaotumia maktaba ya `diffusers` ya Python:

```python
mchoro = pipe(
    prompt="oil painting portrait, dark brown skin",
    negative_prompt="pale skin, text",
    image=picha,
    strength=0.4,
    guidance_scale=6,
    num_inference_steps=30,
    generator=torch.Generator("cuda").manual_seed(40),
).images[0]
```

Kwa 0.2 mteja atauliza mbona hujafanya kitu. Kati ya 0.35 na 0.45 brashi inaonekana na mama bado anamtambua mwanawe. Ukifika 0.6 umepata ndugu yake. Kwa 0.8 ni mgeni aliyevaa sare ile ile. Anza na 0.4, jaribu picha tatu tofauti, upande au ushuke kwa 0.05.

Kuna faida ndogo iliyojificha hapo. Ukiandika hatua 30 na `strength` ya 0.4, modeli inaendesha hatua 12 tu, kwa kuwa haianzi kutoka chenga tupu. Kazi ya kupaka mtindo juu ya picha iliyopo ni nyepesi kuliko kuchora kitu kipya, na saa ya kukodi inakwenda mbali zaidi.

Ile `manual_seed` nayo si pambo. Ni namba ya kuanzia chenga. Ukiishika ileile pamoja na mipangilio mingine, unaweza kurudia picha uliyoipata jana bila kubahatisha. Mwanafunzi wa 41 aliyechelewa kupigwa picha ataingia kwenye kundi bila kuonekana wa kuja. Kwenye apu huna uhakika huo. Watengenezaji wanabadilisha filta bila kukuuliza, na nusu ya darasa uliyoifanya Jumatatu inaweza isifanane na nusu ya Alhamisi.

Maelezo yameandikwa Kiingereza kwa sababu ya fedha, si maringo. Sehemu ya modeli inayosoma maandishi ilifundishwa kwa maelezo ya picha ya Kiingereza kwa wingi mno. Ukiandika "mchoro wa rangi ya mafuta" itakupa kitu, lakini hutajua kwa nini, na kila jaribio linalopotea ni dakika uliyolipia.

Ubora unaharibikia wapi

Mteja haangalii mandhari. Anaangalia uso, ngozi na nguo, kwa mpangilio huo, na hapo ndipo njia zote mbili zinaweza kukuangusha.

Uso kwanza. Modeli hizi hazichori pikseli moja moja. Picha hupunguzwa kwanza mara nane kwa upana na mara nane kwa urefu, kazi inafanyika kwenye picha hiyo ndogo, kisha inakuzwa tena. Uso wenye upana wa pikseli 64 unabaki na visanduku nane kwa nane. Hapo hakuna nafasi ya macho mawili, pua na meno. Ndiyo maana picha ya mtu mmoja inatoka nzuri na picha ya pamoja inatoka na nyuso zilizoyeyuka.

Chukua picha ya kikundi cha bugobogobo kikicheza na majembe. Iweke nzima kwenye filta ya seva, kisha kuza safu ya nyuma. Utaona nyuso za nta, vidole vilivyoungana na mpini, na huenda jembe moja limepinda au limepata mpini wa pili. Kwenye apu huna la kufanya zaidi ya kubonyeza tena na kuomba Mungu. Kwenye mtambo wako unakata kila uso, unaukuza hadi pikseli 1,024, unaupitisha peke yake kwa `strength` ya 0.3, kisha unaurudisha mahali pake. Viongezo vya `ADetailer` na `FaceDetailer` vinafanya mzunguko huo vyenyewe. Mipini ya majembe inashikwa na ControlNet, kiongezo kilichotoka mwaka 2023, kinachosoma mistari au kina cha picha ya asili na kuilazimisha modeli iifuate.

ControlNet inashika umbo, haishiki utambulisho. Watu wengi wakiipata wanapandisha `strength` hadi 0.7 wakidhani wako salama. Kichwa kinabaki pale pale, uso unakuwa wa mwingine.

Ngozi inafuata. Filta nyingi za simu zimewekewa "urembo" ndani yake, nao maana yake ni kulainisha na kung'arisha. Modeli za difyusheni zina tatizo la jamaa moja: zimefundishwa kwa picha za mtandaoni, ambako watu weupe ni wengi, kwa hiyo zikiachiwa nafasi zinavuta ngozi kuelekea huko. Kwenye skrini ya simu unaweza usigundue. Weka picha ya mwanzo na iliyotoka bega kwa bega kwenye kompyuta, utaona mara moja. Kuandika `dark brown skin` kunasaidia, kushusha `strength` kunasaidia zaidi. Kama bado, weka picha ya asili juu ya mchoro kwenye programu ya kuhariri, iache ionekane usoni tu kwa asilimia 30 au 40. Brashi itabaki, na weusi wa mtu utarudi.

Na uangalie mwanga kabla ya yote. Picha iliyopigwa saa saba mchana kwenye uwanja wa shule ina kivuli cheusi chini ya kofia ya mahafali. Modeli huchukulia kivuli hicho kama umbo na kukichora kama doa. Dakika mbili za kusawazisha mwanga kwenye picha ya asili zinakuokolea majaribio kumi.

Mwisho nguo. Maandishi ndiyo yanaharibika kuliko kitu chochote. Jina la shule kwenye sweta linageuka mikwaruzo, na methali ya kwenye kanga ya mama inakuwa herufi za lugha isiyokuwapo. Hakuna mpangilio unaoaminika wa kulizuia hilo kwa modeli za kawaida za bure. Tiba ni kufunika sehemu ya maandishi kwa barakoa isiguswe, au kuirudisha kutoka picha ya asili baadaye. Apu karibu zote hazikupi barakoa. Kwa picha za familia zenye kanga na vitenge, hii peke yake inatosha kukuamulia njia.

A4 haidanganyiki

Picha inayopendeza kwenye simu inaweza kuaibika ukutani. A4 iliyochapwa kwa kiwango kizuri cha nukta 300 kwa inchi inahitaji pikseli 2,480 kwa 3,508. Apu ya bure ikikuhifadhia picha yenye upana wa pikseli 1,080, unachapa kwa nukta 130 hivi kwa inchi. Ikiwa 720, hata 90 hazifiki, na mistari ya brashi inaonekana imevimba. Kabla hujalipa, hifadhi picha moja ya bure, fungua taarifa zake, usome upana. Matangazo ya apu huandika "ubora wa juu" bila kutaja pikseli.

Modeli ya SDXL, iliyotolewa Julai 2023, inachora vizuri kwenye pikseli 832 kwa 1,216 kwa picha ya kusimama. Ikuze mara tatu kwa programu ya kukuzia kama Real-ESRGAN na unapata 2,496 kwa 3,648, inayotosha A4 na inabaki kidogo. Vikuzaji huwa vinafanya ngozi ya picha ya kawaida ionekane ya plastiki. Kwenye mchoro wa mafuta kosa hilo linafichwa na brashi, kwa hiyo katuni na mafuta zinavumilia kukuzwa kuliko mtindo wa penseli wenye mistari myembamba.

Ukimaliza, usiipeleke stesheneri kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, kwa kuwa inapunguzwa njiani. Itume kama dokumenti au peleka flashi.

Sasa fedha

Apu za aina ya tatu, kwa kawaida, hutoza kati ya dola 4 na 8 kwa wiki, au dola 30 hadi 60 kwa mwaka. Chukua dola 6 kwa wiki: TSh 15,600. Tangu mwaka 2022 sheria inawataka wauza huduma za kidijitali walio nje ya nchi watoze kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18. Kama bei uliyoiona haikuijumlisha, unafika TSh 18,400.

Bando nalo. Picha ya MB 4 inayokwenda na MB 1 inayorudi, majaribio manne kwa kila mwanafunzi, wanafunzi 40: MB 800, yaani TSh 1,600. Jumla elfu 20. Si mbaya, kama hutasahau kujiondoa. Ukisahau, malipo ya wiki yanajirudia, na wiki 52 ni TSh 811,200 kabla ya kodi. Mpango wa mwaka wa apu ileile pengine ungekuwa TSh 104,000 kwa dola 40. Ule wa wiki upo kwa ajili ya wanaosahau.

Siku tatu za majaribio ya bure zinahitaji kadi, na zikiisha wanakata. Kufuta apu kwenye simu hakufuti malipo. Unaingia kwenye duka la apu, sehemu ya usajili, unakatisha humo. Katisha siku ileile uliyojiunga. Kwa kawaida utaendelea kutumia hadi muda uishe. Angalia pia kama apu inahesabu kwa pointi. Hizo hukata kila jaribio, zuri na baya, na majaribio 160 yanamaliza kifurushi cha pointi 100 kabla hujamaliza darasa.

Kompyuta ya kukodi yenye kadi ya grafiki ya GB 24 hupatikana kwa takribani nusu dola kwa saa. Mara ya kwanza kabisa, saa mbili zitakwenda kwa kuweka programu na kujaribu mipangilio. Picha 160 kwa sekunde kumi kumi ni chini ya nusu saa. Kukuza zile 40 ulizozichagua, kurekebisha nyuso na kupakua kunakula iliyobaki. Weka saa nne: dola 2, TSh 5,200.

Hapo kuna gharama iliyojificha vizuri zaidi kuliko ya apu. Ukizima mashine bila kuifuta, diski yake inaendelea kulipiwa. GB 50 kwa senti kumi za dola kwa GB kwa mwezi ni dola 5, TSh 13,000, hata kama hukuigusa. Ukisahau kuzima usiku, saa kumi zinakula TSh 13,000 nyingine. Pakua kazi zako, hifadhi faili la mipangilio, kisha ifute mashine nzima.

Bando, kinyume na wengi wanavyodhani, linapungua. Faili la SDXL ni karibu GB 7, lakini linapakuliwa na ile mashine ya kukodi huko iliko, si kwa laini yako. Wewe unapandisha picha 40 mara moja, unatazama sampuli ndogo, unashusha zile za mwisho tu. MB 350 zinatosha, TSh 700.

Kwa hiyo kazi yenyewe inakugharimu chini ya elfu 10, nusu ya apu. Ila tovuti nyingi za kukodi zinataka uweke salio kwanza, mara nyingi dola 10, TSh 26,000. Salio hilo linabaki kwa kazi ijayo, lakini leo limetoka mfukoni. Baadhi zinakataa kadi za kulipia kabla, zikiwamo za mtandaoni zinazofunguliwa kwenye pochi za simu. Jaribu kadi yako kwa kiasi kidogo kabla hujampa mwalimu mkuu tarehe.

Gharama nyingine ni kichwa chako. Kama hujawahi kuandika amri kwenye kompyuta, tenga jioni mbili za kujifunza. Kama mahafali ni keshokutwa, jioni hizo huna. Chukua apu kwa wiki moja, chagua filta ambayo haigusi umbo la uso, na punguza makali yake kama kuna kitelezi.

Vipi kuhusu daftari za bure za mtandaoni zenye kadi ya grafiki? Zipo, na za Kaggle hutoa takribani saa 30 kwa wiki kwa mtu aliyethibitisha namba ya simu. Kwa kujifunzia, hakuna bora yake. Kwa kazi yenye tarehe, kikao kinaweza kukatika katikati na faili za muda zikapotea. Google Colab nayo mwaka 2023 iliwazuia wa bure kuendesha kurasa za Stable Diffusion.

Kununua? Kompyuta ya mezani iliyotumika yenye kadi ya GB 12, pamoja na UPS, ihesabu TSh milioni 2, na safari ya Mwanza juu yake kwa kuichagua na kuirudisha ikisumbua. Umeme si tatizo: mashine inayotumia uniti 0.35 kwa saa, kwa bei ya TSh 356 kwa uniti, inakula kama TSh 125 za Luku. Tatizo ni mtaji. Milioni 2 zinalipia zaidi ya kazi 380 za saa nne nne za kukodi. Ukipata kazi nne kwa mwezi, hiyo ni miaka minane, na hapo hujahesabu umeme kucheza na kuunguza kadi. Kwa laptopu ya kawaida isiyo na kadi, modeli ndogo ya Stable Diffusion 1.5 inaendeshwa, ila picha moja huchukua dakika kadhaa. Kwa picha tatu za familia, sawa. Kwa 160, laptopu itakesha na wewe utakesha nayo.

Kuna gharama moja inayozimeza zote hizi: kuchapa upya. Karatasi ya A4 ya kung'aa na wino ikikutoka TSh 3,000, picha kumi zilizorudishwa kwa sababu "huyu si mwanangu" ni elfu 30. Chapa moja kwanza, ya mwanafunzi mwenye ngozi nyeusi kuliko wote, aliyevaa sweta lenye maandishi. Ikipita hiyo, nyingine zitapita.

Ruhusa, na mtindo wa nani

Njia zote mbili, apu ya seva na mashine ya kukodi, zinapeleka nyuso nje ya nchi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahusu picha hizo pia, na wahitimu wa darasa la saba ni watoto. Fomu ya shule iwe na mstari wa mzazi kukubali, na uandike wazi kuwa picha zitachakatwa mtandaoni. Kwenye mashine ya kukodi unaweza kufuta faili mwenyewe. Kwenye apu unategemea masharti, na mengine yanawapa ruhusa ya kuzitumia picha zako.

Soma pia leseni ya modeli. SDXL inaruhusu kazi ya biashara, pamoja na makatazo ya matumizi mabaya. Baadhi ya mpya zaidi zimetolewa kwa matumizi yasiyo ya biashara tu, na kumuuzia mzazi fremu ni biashara.

Siku moja mteja atakuomba kitu ambacho hakuna filta iliyo nacho: nichore kwa mtindo wa Tingatinga. Hapo mtambo wako unaishinda apu waziwazi, kwa kuwa unaweza kuufundisha. Kiongezo kidogo kiitwacho LoRA hufunzwa kwa picha 20 au 30 za mtindo mmoja, kwa saa moja au mbili za kukodi, yaani isiyozidi dola 1 kwa hesabu yetu. Lakini hizo picha 20 ni za wachoraji, wengi wao wako hai na wanakula kwa brashi hiyo. Omba ruhusa na ulipe, kisha uhesabu malipo hayo kwenye bei ya kazi. Mara nyingi utakuta dola ile ya mashine ilikuwa sehemu ndogo kuliko zote.

Na hata ukishafunza, utapata rangi na madoadoa ya Tingatinga juu ya picha iliyopigwa kwa kamera. Edward Saidi Tingatinga alipaka rangi ya mafuta inayong'aa juu ya vipande vya hadibodi, bila kufuata vivuli vya kamera, na modeli inayoanzia kwenye picha yako haiwezi kuviacha vivuli hivyo ila uipandishie `strength` hadi uso upotee. Kama shule inataka zawadi moja ya maana ya kumuaga mwalimu mkuu, mpe mchoraji wa mkono picha yake na umlipe. Wale 40 peleka kwenye mashine.